Madoa ya kijivu angani jioni, nukta nyekundu usiku: je, sensa ya kamera yangu imekufa?

#1 Mwambao_Kgm

Wakuu, salamu. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na za nyumba za wageni hapa Kigoma. Juzi nilipanda mwinuko wa Bangwe kupiga machweo, jua likizama upande wa Kongo. Kwa kuwa sikuwa na kioo cheusi cha kupunguza mwanga, nililiziba tundu la lenzi hadi f/22. Usiku uleule nilishuka Kibirizi kupiga taa za wavuvi wa dagaa ziwani, nikiwa na ISO 12800 na shata ya 1/50.

Nilipofungua kazi kwenye kompyuta, machweo yalikuwa na madoa matatu ya kijivu yenye kingo za ukungu, na video ya usiku ilikuwa na nukta mbili nyekundu na moja ya samawati zinazong'aa juu ya maji meusi. Fundi mmoja aliangalia dakika mbili akaniambia sensa imekufa, ninunue kamera nyingine.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba madoa yale ya machweo hayatulii. Yanaelea polepole kama yanaogelea angani, na ndiyo maana naona hayawezi kuwa vumbi lililoganda ndani. Ni kitu gani hiki, na je, ninaweza kuiokoa video yenyewe? Mwenye nyumba ya wageni anaisubiri Ijumaa.

#2 Mto_Malagarasi

Pole, kaka. Mimi ningeanza na kadi ya kumbukumbu. Kadi ikichoka huandika data vibaya na picha hutoka na nukta. Nilibadilisha yangu mwaka jana na nukta zikaisha.

#3 BiMwanga_Tabora

Ndugu Mto_Malagarasi, kadi ikiharibika faili hukatika, hugoma kufunguka, au picha hupasuka vipande vya mraba vyenye rangi za ajabu. Haiwezi kuweka nukta ileile mahali palepale dakika nzima.

Mwambao, kabla hatujaizika sensa yako, nijibu mawili. Je, video unayoitazama ni ile iliyotoka kwenye kamera, au umekwisha kuipitisha kwenye programu ya kutuliza mtikisiko? Na ulipiga ukiwa umeshika mkononi au ukiwa na stendi?

#4 Mwambao_Kgm

Dada, nilipiga mkononi kwa sababu stendi ilibaki nyumbani, kisha nikatuliza mtikisiko kwa programu. Nimerudi sasa hivi kwenye faili la awali. Madoa yametulia tuli, hayasogei hata kidogo! Mikono yangu ndiyo inayotikisa milima ya ng'ambo, lakini madoa yamekaa palepale.

#5 BiMwanga_Tabora

Basi hilo moja limejibiwa. Doa likiwa juu ya sensa hukaa mahali pamoja kwenye fremu, huku mandhari ikitikisika. Programu ya kutuliza huisogeza fremu nzima ili milima itulie, kwa hiyo doa lililokuwa limetulia ndilo linaloanza kuogelea. Ukianza kulifukuza baada ya hapo utahitaji kulifuata fremu kwa fremu. Usafi wa madoa na nukta hufanywa kwenye faili la awali, kabla ya kutuliza, kabla ya kukuza au kukata picha, na kabla ya kuondoa chenga.

Sasa, hayo unayoyaona ni magonjwa mawili yasiyohusiana. Madoa ya jioni ni vivuli. Chembe ya vumbi imekaa juu ya kioo kinachofunika sensa na inazuia mwanga. Tundu la lenzi likiwa dogo, mwanga huja kwa njia moja nyembamba na kivuli hukolea. Tundu likiwa pana, mwanga huja kutoka pande nyingi, ukapita chini ya chembe, na kivuli kikayeyuka. Nukta za usiku si vivuli, bali ni pikseli zinazovuja umeme zenyewe hata pasipo mwanga wowote. Hizo ndizo huitwa pikseli moto, na ukubwa wa tundu hauzihusu kabisa.

Fanya majaribio mawili. La kwanza, elekeza kamera kwenye anga tupu au ukuta mweupe, vuruga fokasi makusudi, upige kwa f/22, kisha f/11, kisha f/4, ukiisogeza kamera taratibu. La pili, funga lenzi kwa kifuniko, weka ISO 12800 na shata 1/50 kama ya usiku ule, urekodi dakika moja gizani. Kisha tuletee hesabu.

#6 Kasulu_Picha

Nakubaliana na #5 kwa sehemu kubwa. Lakini kwa nukta nyekundu kuna njia fupi: kwenye menyu kuna sehemu ya kupunguza chenga za picha za muda mrefu. Mimi naiwasha kila nikipiga nyota na sioni nukta hata moja.

#7 BiMwanga_Tabora

Kaka Kasulu, njia hiyo ni ya kweli ila ni ya picha za mnato. Kamera ikimaliza kupiga sekunde 20, hufunga shata na kupiga giza sekunde 20 nyingine, kisha hutoa lile giza kwenye picha, na nukta hutoweka kwa sababu zimo katika zote mbili. Video ya fremu 25 kwa sekunde haina nafasi ya kufanya hivyo. Hata anayeunganisha picha nyingi kuwa video ya nyota atakuta nyota zinaruka, kwa kuwa nusu ya muda kamera ilikuwa inapiga giza. Wewe unapiga picha mojamoja, ndiyo maana hukuiona kasoro hiyo.

#8 Mzee_wa_Reli

Wanangu, nami nina tatizo hilohilo miezi mitatu sasa. Kuna nukta ya kijani upande wa kulia, na ipo hata ninaposoma barua. Nifanyeje?

#9 Ujiji_Mnara

Shikamoo mzee. Kama inaonekana hata kwenye barua, hiyo ni nukta ya kioo cha kompyuta yako, kamera haihusiki. Sogeza dirisha la video kushoto. Nukta ikibaki mahali pake kwenye kioo, ni ya kioo. Ikisafiri pamoja na video, ndiyo ya kamera.

Na Mwambao naye afanye hivyo kabla ya kuhesabu, maana kijana wangu alishinda siku nzima akifuta nukta iliyokuwa kwenye kioo.

#10 Mzee_wa_Reli

Marahaba. Imebaki palepale. Ahsante, mwanangu.

#11 Mwambao_Kgm

Matokeo haya hapa. Ukutani, kwa f/22 naona madoa matatu niliyoyajua na mengine madogo manne ambayo sikuyaona kwenye machweo. Kwa f/11 yamebaki mawili hafifu. Kwa f/4 ukuta ni mweupe kabisa. Kwa hiyo vumbi limethibitika.

Gizani nilifanya mara mbili kwa sababu niliona jambo. Asubuhi, kamera ikiwa baridi, dakika ya kwanza ilionyesha nukta tatu zilezile. Mchana niliiacha irekodi dakika 40 mfululizo ndani ya chumba chenye bati, kisha nikatazama dakika ya mwisho na kuhesabu nukta kumi na moja. Zile tatu zilikuwa zinawaka zaidi, na nyingine nane zilikuwa mpya. Jioni kamera ilipopoa, zile nane zilikuwa zimepotea. Je, nimeiunguza?

#12 BiMwanga_Tabora

Hujaiunguza. Uvujaji wa umeme kwenye sensa hupanda kwa kasi joto linapopanda, takriban mara mbili kwa kila nyongeza ya nyuzi sita hadi nane za Selsiasi. Kila sensa ina pikseli dhaifu ambazo ubaridi huzificha na joto huzifichua. Zile nane ni za namna hiyo. Zile tatu zinazoonekana hata asubuhi ndizo zenye kasoro ya kudumu.

Kwa hiyo usiku wa Kibirizi, usiiache kamera ikiwaka saa nzima ukisubiri mitumbwi. Izime, fungua kioo cha nyuma kikae mbali na mwili wa kamera kama kinakunjuka, uiwashe unapoanza kazi. Na ukiweza kupunguza ISO hadi 3200 kwa lenzi yenye tundu pana zaidi, nyingi zitazama ndani ya giza.

#13 Kasulu_Picha

Swali ni zile tatu zimetoka wapi. Kamera ya Mwambao ilikuwa safi miaka miwili. Mimi nasema ni taa za leza za kumbi za harusi. Ule mstari wa kijani ukipita moja kwa moja kwenye lenzi huchoma pikseli papo hapo. Nimeona kamera ya mwenzangu ikipata mstari mzima ndani ya sekunde moja.

#14 Ujiji_Mnara

Leza huchoma kweli, lakini huacha mstari au kundi la nukta zilizoshikana, kama ulivyoeleza mwenyewe. Nukta tatu zilizotawanyika pembe tatu za fremu hazifanani na jeraha la leza. Mimi nashuku safari za ndege. Mionzi inayotoka angani huwa mingi zaidi kule juu, na hupiga sensa pikseli mojamoja bila mpangilio.

#15 Mwambao_Kgm

Kamera hii ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, lakini ilikotengenezwa na hadi kufika Dar sijui ilipitaje. Harusi zenye leza nimepiga tano au sita.

#16 BiMwanga_Tabora

Mionzi hiyo hufika hata ardhini, ingawa kidogo, na sensa yoyote huongeza pikseli moto kadiri inavyozeeka. Sitasema ni ndege, wala sitaiondoa leza, kwa sababu leza iliyoakisiwa na kioo cha ukumbini inaweza kugusa kwa pointi tu. Kwa nukta tatu hakuna awezaye kurudi nyuma akathibitisha.

#17 Mto_Malagarasi

Tuje kwenye usafi. Ili kujua vumbi liko wapi, kumbukeni picha hugeuka ndani ya kamera. Doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kulia unapoitazama sensa.

#18 BiMwanga_Tabora

Umepata nusu, ndugu yangu. Lenzi hugeuza juu kuwa chini na kushoto kuwa kulia, lakini hayo ni kwa mtu aliyesimama nyuma ya kamera. Wewe unapotoa lenzi unasimama mbele, unatazamana na sensa uso kwa uso, kwa hiyo kushoto na kulia vinageuka mara ya pili na kurudi vilivyokuwa. Doa la juu kushoto kwenye picha utalikuta chini kushoto mbele ya macho yako. Chukua kipande cha karatasi, weka alama, ujaribu mwenyewe.

Kusafisha: betri iwe imejaa, uingie kwenye menyu ya kusafisha sensa ili shata ibaki wazi na sensa isitetemeke. Fanya kazi hiyo ndani, madirisha yamefungwa, sakafu imefutwa kwa kitambaa kibichi. Msimu huu wa kiangazi, vumbi na masizi ya nyasi zinazochomwa hayana adabu. Geuza mdomo wa kamera uelekee chini, upulize kwa pampu ya mpira kutoka chini kwenda juu, mara kumi hivi, ncha isiingie ndani. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni mabaya kuliko vumbi. Usitumie kopo la hewa ya shinikizo, hurusha kimiminika kikaganda kwenye kioo. Kisha rudia jaribio la ukuta kwa f/22.

#19 Ujiji_Mnara

Na doa lisipotoka kwa hewa?

#20 BiMwanga_Tabora

Hapo kuna vijiti bapa vyenye kitambaa maalumu, vya milimita 24 kwa sensa kubwa na milimita 16 kwa sensa ndogo ya kawaida, na kimiminika chake. Matone mawili, subiri sekunde chache kitambaa kinywe, pitisha mara moja kutoka ukingo hadi ukingo, geuza upande wa pili upitishe kurudi, kisha ukitupe. Kijiti kilichotumika hakirudi tena ndani. Pamba ya masikio na spiriti ya dukani visikaribie sensa, kwa sababu huacha nyuzi na michirizi.

#21 Kasulu_Picha

Hapa sikubaliani. Kumshauri mtu wa Kigoma aguse sensa kwa kimiminika peke yake ni hatari. Nilifanya hivyo mara moja, nikabadilisha doa moja kuwa michirizi minne, nikalazimika kuituma kamera mbali na kukosa kazi wiki tatu. Afadhali abaki na doa na apige kwa f/8.

#22 BiMwanga_Tabora

Hofu yako ina msingi, na f/8 yenye kioo cheusi ni jibu zuri zaidi kuliko f/22 hata pasipo vumbi, kwa kuwa f/22 hufifisha ukali wa picha nzima. Ila michirizi mara nyingi ni kimiminika kilichozidi. Kwa doa ambalo hewa imeshindwa, mimi huona bora kijiti kuliko kubeba doa lile mwaka mzima.

#23 Mwambao_Kgm

Mjadala huo nitaurudia. Ijumaa iko karibu, na video iliyokwisha kupigwa ndiyo inayoniwasha. Nifanyeje na faili lililopo?

#24 BiMwanga_Tabora

Anza na nukta za usiku, maana ndizo rahisi. Simamisha video ya awali, ikuze hadi uone pikseli zenyewe, usome mahali pa nukta. Utagundua haiwi pikseli moja: kamera huzikisia rangi kutoka kwa majirani na kisha hubana faili, kwa hiyo nukta huvimba na kuwa kama alama ndogo ya kujumlisha. Tuseme kitovu chake ni pikseli 1204 kutoka kushoto na 377 kutoka juu. Utalizungushia sanduku la pikseli tisa kwa tisa, kuanzia 1200 na 373, na programu ya bure ya `ffmpeg` italijaza kwa rangi ya kingo zake. Kwa nukta mbili:

```
ffmpeg -i usiku.mp4 -vf "delogo=x=1200:y=373:w=9:h=9,delogo=x=2871:y=1540:w=9:h=9" -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy usiku_safi.mp4
```

Mara ya kwanza ongeza `:show=1` mwisho wa kila sanduku, nawe utaona mraba wa kijani ukijua kama umelenga. Kisha uiondoe na uendeshe tena. Sanduku lisiguse ukingo wa fremu.

Kabla ya kufuta, hakikisha ni nukta kweli. Taa ya mvuvi hupanda na kushuka na mawimbi. Nyota husogea digrii 15 kwa saa, ambazo kwenye klipu fupi huzioni, kwa hiyo linganisha na dakika yako ya giza. Kilichoko gizani chini ya kifuniko ndicho cha kufuta, kingine ni cha Mungu au cha mvuvi.

#25 Ujiji_Mnara

Kwa asiyetaka kuandika amri, DaVinci Resolve ina kifaa kiitwacho `Dead Pixel Fixer`. Ila kimo kwenye toleo la kulipia la Studio, si la bure.

#26 Mwambao_Kgm

Nukta za usiku zimeisha. Taa moja ilipopita juu ya sanduku la pili ilififia kwa robo sekunde, lakini asiyeambiwa hataona. Nimetumia amri hiyohiyo kwenye madoa ya machweo, masanduku ya pikseli 90, na sikupenda. Anga limekuwa na viraka laini kama vya plastiki, na doa lililo karibu na mlima limeuvuta ukingo wa mlima.

#27 BiMwanga_Tabora

Ndivyo inavyokuwa. Sanduku kubwa hufuta pia chenga za asili za picha, na jicho hukiona kiraka kwa sababu ni kisafi kuliko jirani zake. Kwa vumbi fikiri tofauti: chembe haikuficha anga lote, imelipunguzia mwanga tu. Mawingu bado yamo ndani ya kivuli. Kwa hiyo kwenye programu yako ya kuhariri, chora duara lenye kingo laini sana juu ya doa, kisha pandisha mwanga ndani ya duara hilo hadi lilingane na nje. Mawingu yatapita humo yakiwa kamili na chenga zake, na ukingo wa mlima hautavutwa. Kwa kuwa hukubadilisha tundu la lenzi, kiasi ulichopandisha kitafaa klipu yote.

Doa likiwa jeusi mno hadi hakuna kitu ndani yake, nakili tabaka la video, lisogeze pembeni pikseli 120 hivi, na uonyeshe duara hilo tu. Utakuwa umeazima anga la jirani na chenga zake. Ila usifanye hivyo karibu na mlima.

#28 Mwambao_Kgm

Madoa mawili yamekwisha kwa kupandisha mwanga, la tatu kwa kuazima anga. Kisha ndipo nikatuliza mtikisiko, na hakuna kinachoogelea tena. Dada, ahsante sana.

Kamera nayo nimeipuliza. Kati ya madoa saba yamebaki mawili, na moja halijatikisika hata baada ya kurudia mara tatu. Kwenye menyu nimekuta pia `Pixel Mapping`. Nimeiendesha, na nukta mbili kati ya tatu zimepotea, lakini ile ya samawati imebaki.

#29 Kasulu_Picha

Iendeshe tena kamera ikiwa moto. Ikiwa baridi, nukta hafifu haivuki kizingiti chake na kamera huihesabu kuwa nzima.

#30 Ujiji_Mnara

Mimi nilisoma kwenye kijitabu cha kamera yangu kwamba nisubiri angalau dakika moja baada ya kurekodi ndipo niiendeshe, yaani sensa itulie kwanza. Ushauri wako ni kinyume chake, ndugu Kasulu.

#31 Kasulu_Picha

Yangu ilifaulu ikiwa moto. Sijui ya Mwambao.

#32 Mwambao_Kgm

Nitajaribu zote mbili, asubuhi na baada ya dakika 40 chini ya bati, nilete hesabu ya nukta. Kuhusu lile doa sugu, liko chini kushoto nikitazama sensa, kama alivyosema BiMwanga, na linang'aa kidogo nikilipiga tochi, kana kwamba ni tone la mafuta lililokauka. Kuna mtu Kigoma mjini mwenye kijiti cha milimita 24 ambacho hakijafunguliwa?

#33 Mto_Malagarasi

Ninavyo viwili, nimevinunua nikaogopa kuvitumia. Niko Mwanga, karibu na soko. Njoo uvitumie vyote pamoja na kimiminika, ila utaipangusa kamera yako mwenyewe, mimi nitashika tochi.